SOMO: Kurekodi Mkesha wa Pasaka kanisani bila fleshi wala taa ya kamera (soma lote kabla ya kuuliza)

Wakuu, kila Kwaresima ikielekea ukingoni inboksi yangu inajaa swali lile lile: "Video ya mkesha ilitoka nyeusi, nifanyeje?" Nimejibu mpaka vidole vimechoka, kwa hiyo naweka yote hapa, na mwakani nitakuwa natuma kiungo tu.

Nimechagua Mkesha wa Pasaka kwa sababu ndiyo ibada ngumu kuliko zote kwa mwanga. Inaanza taa zote zikiwa zimezimwa, moto unabarikiwa nje, Mshumaa wa Pasaka unaingia na "Mwanga wa Kristo" inaimbwa mara tatu, waamini wanawashiana mishumaa, na baadaye taa za umeme zinawaka zote kwa mkupuo. Ukiuweza mkesha, harusi ya saa nane mchana haikusumbui.

1. Ruhusa. Ongea na paroko na kamati ya liturujia kabla ya Juma Kuu, wakuonyeshe pa kusimama.

2. Fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo tyubu na taa nyingi za bei nafuu zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/50 inameza mipepeso miwili kamili katika kila fremu, kwa hiyo huoni kitu. Ukiweka fremu 30 na shata 1/60, utapata mistari ya giza inayotembea juu ya picha. Kwenye mkesha mtego ni kwamba mishumaa haipepesi hivyo. Nusu saa ya kwanza kila kitu kitaonekana safi, halafu taa zinawaka na mistari inaibuka, nawe huwezi tena kusimamisha Misa. Ijumaa au Jumamosi mchana mwombe sakristani awashe taa zote, urekodi dakika moja, uitazame kwenye kioo kikubwa.

Wenye iPhone: Settings > Camera > Record Video, washa "Show PAL Formats", ndipo 25 itajitokeza.

3. Lenzi. 50mm f/1.8, ile ya bei ya chini kabisa, inatosha. Lenzi iliyokuja na kamera ukiivuta inafika f/5.6, na hapo unapoteza mwanga karibu mara kumi.

4. Mwanga wa picha. Hapa ndipo video nyingi zinafia, someni polepole.

Ukikaa gizani dakika kumi, macho yanazoea giza. Kioo cha kamera kinachowaka mbele yako kitaonyesha picha inayong'aa vizuri, uso wa shemasi unauona, unaridhika. Ukifika nyumbani ukaifungua kwenye kompyuta sebuleni, ni nyeusi tii. Kamera haijaharibika. Uliamini macho yaliyokuwa yameshazoea giza. Ukijaribu kuiangaza wakati wa kuhariri, vivuli vinajaa chengachenga na rangi za ngozi zinageuka matope. Afadhali upandishe ISO pale pale kanisani kuliko kuangaza baadaye.

Kwa hiyo shusha mwanga wa kioo mpaka chini, halafu usikiamini. Amini histogramu au zebra, ile milia inayojitokeza kwenye kioo pale mwanga unapofika kipimo ulichokiweka. Na zebra yenyewe ina jambo lake: kipimo cha 70 ambacho masomo mengi ya mtandaoni wanakifundisha ni cha ngozi nyeupe. Kwa nyuso zetu weka zebra 50, na kwenye mwanga wa mishumaa ruhusu uso ukae karibu na 40. Ukilazimisha 70 utaunguza kanzu nyeupe na mshumaa wote, na uso utapauka.

Mfano wa namba. Mwamini ameshika mshumaa mmoja sentimita 30 hivi kutoka usoni. Kwa f/1.8 na shata 1/50 utahitaji ISO ya karibu 4000. Mwali wenyewe utakuwa doa jeupe tupu, uache. Taa zikiwaka, kanisa la kawaida litakutaka ISO 400 hivi. Hiyo ni tofauti ya mara kumi, na itatokea kwa sekunde moja.

MSIWEKE ISO AUTO. Kila mshumaa unapopita mbele ya lenzi kamera itatia giza, ukishapita itaangaza, na video nzima itakuwa kama inahema.

Ninavyofanya mimi: kamera kuu naiseti kwa mishumaa. Simu au kamera ya pili naifunga kwenye nguzo ikiwa na fremu pana ya altare, nimeiseti kwa mwanga wa taa tangu ule mchana wa majaribio. Inarekodi weusi tu kwa muda mrefu. Taa zinapowaka, yenyewe tayari iko sawa, na huo ndio mkato wangu wakati wa kuhariri. Wakati huo huo natulia na kushusha ISO ya kamera kuu bila papara. Muulize sakristani taa zinawashwa lini: parokia nyingine ni baada ya "Mwanga wa Kristo" ya tatu, nyingine wanasubiri Utukufu na kengele.

5. Rangi. Funga WB kwenye 3200K. Mshumaa ubaki na udhahabu wake. Auto itajaribu kuufanya mweupe na utapoteza usiku wote. Baada ya taa kuwaka badilisha mara moja, kwa namba uliyoipata mchana.

6. Fokasi. Ya mkono. Mchana pima pale Mshumaa wa Pasaka utakaposimikwa karibu na mimbari, weka alama ya tepu kwenye lenzi. Ukiwa meta 8 kwa 50mm f/1.8 una meta 2 hivi za usalama, zinamtosha shemasi anayeimba Mbiu ya Pasaka bila kuhama.

7. Utulivu. Tripodi, miguu minene ifunguliwe kwanza, nguzo ya katikati usiipandishe. Kwenye tripodi zima kitulizaji cha lenzi, maana kinaweza kutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuyumbisha picha. Usiweke tripodi kwenye roshani ya mbao ya kwaya, kwa sababu wakianza kucheza fremu nayo inacheza. Kaa ubavuni, nguzo iwe nyuma yako, miguu ya tripodi isiingie kwenye njia. Watu wanatembea gizani na moto mkononi, wengine wamevaa vitenge.

8. Zima taa zako zote. Taa nyekundu ya kurekodi, taa ya kusaidia fokasi, mlio wa vitufe. Kijitaa cha fokasi kikimulika nyuso za watu katikati ya Mbiu, mwakani hutaitwa.

Wakati wa mageuzo usihame kabisa. Chagua fremu mapema, kaa nayo mpaka mwisho.

Maswali karibuni.

---

Bunju_Pikcha: Mkuu somo zuri. Ila kwani nikiweka taa ndogo ya LED juu ya kamera, ya kupunguza ile, kuna ubaya?

Mwandishi: Soma kichwa cha habari.

Bunju_Pikcha: Nimesoma, nauliza tu.

Mwandishi: Taa hiyo inaangaza walio meta mbili mbele yako tu. Altare iko meta kumi na tano, haitafika kitu. Watakaoangazwa ni bibi wa benchi la mbele anayesali. Hapana.

Mama_Alto: Shikamoo kaka. Mimi ni wa kwaya, natumia simu tu. Nikivuta 3x kumpata padri picha inakuwa ya chengachenga sana kuliko nikiacha 1x. Simu mbovu?

Mwandishi: Marahaba dada, simu ni nzima. Kukiwa na giza simu nyingi hazitumii ile lenzi ya 3x hata ukibonyeza. Zinakata kipande cha kamera kuu na kukikuza, kwa hiyo unakuza na chengachenga zake. Jaribu hivi: ukiwa kwenye 3x, ziba lenzi kuu kwa kidole. Picha ikipotea, ujue ndiyo inayotumika. Baki na 1x usogee karibu, au kubali fremu pana. Na bonyeza usoni kwa muda mpaka uone "AE/AF Lock", halafu teremsha kidogo kile kijua.

Mama_Alto: Nimejaribu sasa hivi sebuleni nimezima taa, kweli imepotea! Asante sana.

Kijana_wa_Miksa: Mkuu, kwetu umeme ukikatika wanawasha jenereta. Mwaka jana nilikuwa na 1/50 sawasawa na bado mistari ilikuja, tena inapanda taratibu. Kwa nini?

Mwandishi: Swali zuri sana hili. Jenereta la kawaida halikai kwenye hezi 50 kamili. Mzigo ukipungua linaenda 51 au 52, ukiongezeka linashuka. 1/50 yako hailingani tena na mipepeso, ndiyo maana mstari unapanda polepole. Kama kamera yako ina shata ya kupangwa kwa hatua ndogondogo, izungushe mpaka mstari usimame au ufifie. Kama haina, shuka 1/25: kila fremu inameza mipepeso mingi zaidi na mstari unafifia sana, ila mikono ya watu itaacha kivuli. Jenereta za inveta hazina shida hiyo.

Kijana_wa_Miksa: Na ndugu yangu yuko Marekani, anasema yeye 1/50 ndiyo inamletea mistari!

Mwandishi: Kwao umeme ni hezi 60. Aende 1/60. Akija huku likizo arudi 1/50.

Tumaini_Studio: ISO ngapi kwa mkesha?

Mwandishi: Hatua ya 4.

Tumaini_Studio: Ndefu mkuu, nipe namba tu.

Mwandishi: Namba bila lenzi yako na bila umbali wa mshumaa haina maana. Hatua ya 4.

Pwani_Lenzi: Asalaam aleikum. Sisi tunaombwa kurekodi tarawehe. Haya yanatufaa?

Mwandishi: Waaleikum salaam. Shata na WB ni vilevile, na mwanga wenu hauruki katikati, kwa hiyo ni rahisi zaidi. Kwa pa kusimama wewe unajua kuliko mimi.

Pwani_Lenzi: Ndiyo, sisi tunakaa nyuma ya safu ya mwisho au kwenye kona, hatupiti mbele ya anayeswali. Tripodi tunaishusha hadi usawa wa mtu aliyekaa, ndipo safu zinaonekana vizuri zikirukuu.

Mwandishi: Hilo la usawa wa aliyekaa nalichukua. Kanisani pia linafaa wakati watu wamepiga magoti.

Dada_Mhariri: Harusi ya asubuhi Mtakatifu Yosefu, Dar: vile vioo vya rangi nyuma ya altare vinaungua vyote nikipima uso wa bibi harusi. Nikipima vioo, uso unakuwa kivuli.

Mwandishi: Vyote viwili katika fremu moja hutavipata bila taa. Wakati wa viapo sogea ubavuni ili nyuma ya uso kuwe na ukuta, pima uso. Vioo virekodi peke yake kabla watu hawajaingia, umepima vioo, sekunde 20 kwenye tripodi. Kwenye kuhariri utavipa nafasi yake.

Kijana_wa_Miksa: Niongeze ya sauti: Aprili ni masika, mvua ikipiga kwenye bati maiki ya kamera haisikii kitu. Chukueni waya kutoka kwenye miksa, kinasa sauti kiwe kwenye "LINE" si "MIC", la sivyo sauti itapasuka.

Mwandishi: Kweli kabisa. Na acheni maiki ya kamera nayo irekodi, itawasaidia kulinganisha sauti na picha.

Mama_Alto: Swali la mwisho kaka, nta imedondokea mfuko wa kamera wa mwanangu, inatokaje?

Mwandishi: Iache igande, ikwangue kwa ukucha au kadi. Kilichobaki weka karatasi juu yake na pasi ya moto mdogo, nta itahamia kwenye karatasi. Ila angalia mfuko kama ni wa nailoni, jaribu kwanza pembeni.