Kabla nyumba ya ndoa haijauzwa: mambo ya kuzingatia mapema

Watu wengi huanza kuulizia haki zao katika nyumba ya ndoa siku mnunuzi anapokuja kupima kiwanja, na kufikia hapo muda wa kujikinga unakuwa umebaki mchache sana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, inatoa kinga ya kutosha kwa mke na kwa mume pia, lakini sehemu kubwa ya kinga hiyo inategemea mambo ambayo mwenzi anapaswa kuwa ameyafanya wakati nyumba bado ina amani.

La kwanza ni kujua nyumba ipi inazungumziwa. Nyumba ya ndoa, kwa maana ya sheria hiyo, ni ile ambayo mume na mke wanaishi pamoja kwa kawaida, na haijalishi hati imeandikwa jina la nani. Nyumba ya kupangisha iliyoko mtaa mwingine inaweza kuwa mali iliyochumwa ndani ya ndoa, ikagawanywa talaka ikitolewa, lakini si nyumba ya ndoa. Tofauti hii huwaponza watu, kwa sababu kifungu cha 59, kinachomkataza mwenzi mmoja kuuza, kutoa zawadi, kupangisha au kuweka rehani bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ingalipo, kinahusu nyumba ya ndoa peke yake. Kwa ardhi nyingine iliyo katika jina la mwenzi mmoja, tegemeo ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ambayo katika kifungu cha 161 inamtambua mwenzi aliyechangia kwa jasho lake katika uzalishaji, utunzaji au uendelezaji wa ardhi hiyo, na inamtaka anayeipokea, awe mnunuzi au mkopeshaji, aulize kama mwenzi wa mwenye hati ameridhia.

Tuchukue mfano. Mume alinunua kiwanja Kigamboni mwaka 2012, akamwaga msingi, kisha akaoa mwaka 2014. Mke alikuwa akishona nguo nyumbani, na kila alipopokea zamu yake ya kikoba alinunua mabati au kumlipa fundi. Mwaka 2018 wakahamia. Hati ina jina la mume pekee, na sasa mume anatafuta mnunuzi kimyakimya. Swali ambalo mke huyu huulizwa na majirani ni kwamba atadai nini wakati kiwanja kilinunuliwa kabla hajaolewa. Jibu liko katika kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa: mali iliyokuwapo kabla ya ndoa huhesabiwa miongoni mwa mali za kugawanywa iwapo iliendelezwa kwa kiasi kikubwa ndani ya ndoa, ama na mwenzi asiye na hati ama kwa juhudi za wote wawili. Kutoka msingi mtupu hadi nyumba ya kuhamia ni uendelezaji ambao hakimu hahitaji kusukumwa sana ili auone. Anachohitaji ni ushahidi.

Kwa hiyo risiti za saruji na mabati, miamala ya simu iliyomlipa fundi, daftari la kikoba na picha za ujenzi zenye tarehe zinapaswa kukusanywa na kuwekwa nje ya nyumba hiyo, pamoja na nakala ya cheti cha ndoa na ya hati miliki au mkataba wa mauziano. Ninasisitiza nje ya nyumba, kwa sababu karatasi hizo ndizo hutangulia kupotea ugomvi unapoanza. Asiyekuwa na risiti hata moja hajapoteza kila kitu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani na malezi ni mchango katika upatikanaji wa mali. Wanaoitaja kesi hiyo husahau mwisho wake: Bi Hawa alishinda kwa hoja lakini hakuongezewa mgawo, kwa kuwa Mahakama iliona ametapanya fedha alizokuwa amepewa na mumewe. Mchango wa kazi nao huthibitishwa kwa mashahidi, na mwenendo wa mwenzi katika mali unaweza kuupunguza.

Hatua ambayo naiona kuwa na nguvu kuliko zote, na ambayo wachache huichukua, ni kuweka zuio katika daftari la ardhi kwa Msajili wa Hati. Kifungu cha 59 kinasema wazi kwamba mwenzi ana maslahi yanayoweza kulindwa kwa njia hiyo. Umuhimu wake unaonekana nyumba ikishauzwa bila ridhaa: mnunuzi huichukua ikiwa na mzigo wa haki ya mwenzi kuendelea kuishi humo, isipokuwa akithibitisha kwamba hakujua, wala asingeweza kujua kwa uangalifu wa kawaida, kuwa muuzaji ana mwenzi mwenye maslahi. Zuio likiwepo, kila anayefanya upekuzi wa hati atalikuta, na utetezi wa kutojua unakosa pa kusimama. Kwa kiwanja kisicho na hati hakuna daftari la kuwekea zuio, hivyo kinachobaki ni barua kwa serikali ya mtaa au ya kijiji, yenye muhuri wa kupokelewa kwenye nakala, kwa kuwa mauziano mengi ya viwanja hivyo hushuhudiwa hapo.

Mnunuzi mwangalifu naye asitosheke na kiapo cha muuzaji kwamba hana mwenzi. Akifika kukagua nyumba na kukuta mke anaanua nguo na watoto wakirudi shule, itamwia vigumu kuieleza mahakama kwamba hakujua. Na ikithibitika kwamba muuzaji alimdanganya kuhusu ridhaa, Sheria ya Ardhi inampa mwenzi ambaye hakuridhia hiari ya kutaka mauziano yatenguliwe.

Mwenzi anayeombwa ridhaa asome karatasi nzima kabla ya kusaini. Ridhaa ya mkopo itaje kiasi cha mkopo, na ya kuuza itaje bei na akaunti itakayopokea fedha, kwani nyumba ikiisha kuwa fedha taslimu katika akaunti ya mtu mmoja, kuifuatilia ni kazi nyingine kabisa.

Kuhusu talaka, kuna jambo ambalo huwashangaza wengi. Haki ya kuishi katika nyumba iliyouzwa bila ridhaa hudumu hadi ndoa itakapovunjwa, au hadi mahakama itakapoamuru vinginevyo katika shauri la kutengana au la matunzo. Maana yake ni kwamba amri ya talaka inayotoka bila kugusa mali inaweza kumwacha mwenzi bila kinga aliyokuwa nayo jana yake. Ombi la mgawanyo liwekwe katika shauri lile lile la talaka, na pakiwa na dalili za kuuza, liambatane na ombi la zuio la muda. Kabla ya hapo mgogoro unapaswa kupita katika baraza la usuluhishi la ndoa, liwe la kata, la BAKWATA au la kanisa, na baraza litoe hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Wapo wanaopoteza miezi mingi kwa kuikosa karatasi hii moja, kwani bila hiyo shauri kwa kawaida huonekana limefunguliwa kabla ya wakati wake.