Kabla ya Kushika Kalamu Nyekundu: Swali la Chumvi na Mchanga

Una karatasi 62 za Gredi ya 7 mkobani, wanafunzi wanazitaka kesho asubuhi, na bado hujavuka feri ya Likoni. Usiku kama huo muda hauliwi na kusoma majibu, unaliwa na kusita. Jibu moja la utata likikuchukua sekunde 20 kwa kila karatasi, dakika 20 zimekwisha kwa swali hilo peke yake. Kwa hiyo kusita kote kumalize mapema, kwenye karatasi moja ya mwongozo wa kusahihisha.

Nichukue swali nililowahi kulitunga mwenyewe: chumvi imemwagika kwenye mchanga wa ufukweni, eleza jinsi utakavyoipata tena ikiwa safi na kavu. Nililipa alama 4. Nilipokaa kulijibu kama mwanafunzi, nikapata hatua tatu tu: tia maji ili chumvi iyeyuke, chuja ili mchanga ubaki, pasha moto maji yaliyochujwa hadi yaishe. Alama ya nne haikuwa na mwenyewe. Usipoligundua hilo mapema, utaanza kuigawa alama hiyo kwa huruma: huyu ana mwandiko mzuri, yule kachora mchoro. Basi, kabla karatasi haijachapishwa, jibu kila swali kwa mkono wako na uhesabu hoja. Mimi nilipunguza swali likawa la alama 3. Ningeweza pia kuhesabu kukoroga kuwa hoja ya nne, lakini sikuona kama kunapima jambo jipya.

Kisha andika kila hoja kwenye mstari wake, na chini yake maneno mawili: kubali na kataa. Hapa usiharakishe, maana hapa ndipo mwongozo unapofaa au usipofaa. Hoja ya kwanza ni kutia maji ili chumvi iyeyuke. Somo letu linafundishwa kwa Kiingereza, lakini mtoto wa Kisauni anafikiri kwa Kiswahili, na Kiswahili kina neno moja, kuyeyuka, kwa barafu iliyoachwa juani na kwa chumvi iliyotiwa majini. Kiingereza kina maneno mawili tofauti. Utakutana na karatasi nyingi zilizotumia neno la barafu. Unampa alama au humpi? Jiulize alama hiyo inapima nini. Swali hili linapima hatua za kutenganisha, na mtoto aliyetia maji ameipata hatua. Mpe, kisha uchore mstari chini ya neno ili umrekebishe darasani. Lau swali lingeuliza jina la badiliko linaloipata chumvi, neno la barafu lingekuwa kosa. Uamuzi huo uandike kwenye mwongozo. Ukibaki kichwani, saa nne usiku hutaukumbuka vilevile.

Hoja ya pili ni kuchuja. Kubali karatasi ya kuchujia, pamba au kitambaa kizito. Wapo watakaoandika kifumbu, kwa kuwa ndicho wanachokiona nyumbani tui linapochujwa. Kifumbu kinazuia machicha, ila mchanga mwembamba unaweza kupenya. Mimi huandika: kubali, kwa kuwa swali halikuuliza chombo. Kuchekecha mchanganyiko ukiwa mkavu nakataa, kwa sababu punje za chumvi na za mchanga hukaribiana ukubwa na zitapita pamoja. Hoja ya tatu ni kuondoa maji: kubali kupasha moto, kuchemsha, au kuanika juani. Anayeandika kwamba jua litayavuta maji, mpe. Ni usemi wa nyumbani kwa jambo lile lile, na mashamba ya chumvi ya Gongoni, juu ya Malindi, yanavuna kwa jua.

Bado kuna suala la mpangilio, ambalo walimu wengi huliacha mpaka limewakabili. Chukua jibu hili: "Nitatia maji nikoroge, nitachemsha mpaka maji yaishe, halafu nitachuja mchanga." Hatua zote tatu zimo, na mkono unataka kuweka tiki tatu. Lakini maji yakishakauka, chumvi imerudi mchangani na hakuna tena cha kuchuja. Anastahili alama 1. Kwa hiyo andika kwamba hoja ya tatu inategemea ya pili: maji yanayopashwa moto lazima yawe yamekwisha kuchujwa. Jibu jingine linasema, "Nitatia maji, nitachuja, na chumvi itabaki kwenye karatasi." Hapa pia alama ni 1, ya maji. Kuchuja amekutaja, lakini amejipinga mwenyewe kwa kusema kinachobaki ni chumvi. Amua mapema kwamba kauli sahihi ikifuatwa na kauli inayoibomoa, alama ya hoja hiyo haipo.

Mwaka mmoja sikuwa nimeandika kanuni hiyo. Wasichana wawili wa dawati moja walinijia na karatasi zao, jibu lile lile karibu neno kwa neno. Mmoja nimempa 2, mwingine 1. Sikuwa na la kuwaambia, maana kila mmoja nilikuwa nimemhukumu kwa hisia ya dakika ile. Nililazimika kuzikusanya karatasi zote upya.

Swali la hesabu linahitaji tahadhari ya aina nyingine. Tuseme mililita 200 za maji ya bahari zimekaushwa zikabaki gramu 7 za chumvi. Sehemu ya kwanza inataka chumvi ya lita moja, ya pili inataka ya lita 3. Lita moja ni mililita 200 mara 5, basi jibu ni gramu 35, na lita 3 zina gramu 105. Katika sehemu ya kwanza weka alama 1 kwa njia na 1 kwa jibu. Sasa mtoto akagawa 1000 kwa 200 akapata 4, akaandika gramu 28, kisha gramu 84. Kosa ni moja tu. Anapata alama ya njia, anakosa ya jibu, na sehemu ya pili anaipata, kwa kuwa 28 mara 3 ni 84 kweli. Ili usikokotoe upya kila mara, andika kwenye mwongozo: "jibu lake la kwanza mara 3". Kipimo kikikosekana, kata mara moja kwa swali zima.

Hoja zikishakamilika, usianze bado. Chomoa karatasi tano kutoka sehemu mbalimbali za rundo, si tano za juu, maana za juu mara nyingi ni za waliomaliza kwanza. Zisahihishe kwa penseli. Mara nyingi litajitokeza jibu moja au mawili ambayo hukuyawazia. Yaingize chini ya kubali au kataa, ndipo uchukue kalamu nyekundu.

Ukianza, sahihisha swali la chumvi kwa karatasi zote 62 kabla ya kugusa linalofuata, hadi hoja tatu zikukae kichwani na jicho lizitafute lenyewe. Tiki iwekwe juu ya neno lililoleta alama, si pambizoni, ili idadi ya tiki ilingane na namba unayoandika mwishoni. Nusu alama usizitumie kabisa.