Ukitaka kuchapa nobu ya redio, anza na pete

Mwanafunzi mmoja alikuta bibi yake anazungusha sauti ya redio kwa koleo, maana nobu ilishapotea. Chuoni kwao kuna printa ya 3D, lakini hakukimbilia kuchora nobu nzima. Alichomoa redio kwenye umeme, akachukua kalipa, kifaa cha kupimia unene, akapima kijiti cha chuma kinachochomoza pale nobu inapovishwa: kipenyo milimita 6, upande mmoja umekatwa bapa kama herufi D, na unene kwenye ubapa ni milimita 4.5.

Matundu yanayochapwa kwa plastiki huwa yanatoka madogo kidogo kuliko yalivyochorwa. Kwa hiyo alichapa kwanza vipete vitatu vyembamba vyenye tundu la D, vya kipenyo cha 6.1, 6.2 na 6.3, na ubapa akauongeza kwa kiasi hichohicho. Kila kipete huchukua dakika chache tu. Cha kwanza kiligoma kuingia, cha mwisho kilichezacheza, cha 6.2 kikakaa kwa kusukuma na kidole. Hicho ndicho kipimo alichotumia kwenye nobu yenyewe. Printa yako inaweza kukupa jibu tofauti, hivyo pima upya.

Nobu ikibana, tafadhali usiigonge kwa nyundo. Nguvu hiyo inaishia kwenye kidhibiti sauti kilichoko ndani, na kukipata kingine cha redio ya zamani ni kazi kubwa. Panua tundu kidogo kwa tupa ndogo, ujaribu tena.