Kumpongeza mwenzako aliyepandishwa cheo bila uchawa

Mwongozo huu ni kwa ofisi ambazo watu wanafahamiana: kampuni za utalii za Arusha, hospitali, shule, maghala ya kahawa ya Moshi. Tuchukue mfano mmoja mpaka mwisho. Dada wa kitengo cha kuweka nafasi za wageni, katika kampuni ya safari pale Arusha, amepewa ukuu wa operesheni. Wewe uko naye ofisi moja.

Hatua ya 1: Subiri barua. Fununu si cheo. Ukipongeza kabla ya barua kutoka, unamweka mahali pa kukana au kukiri jambo ambalo hajaruhusiwa kulisema.

Hatua ya 2: Tafuta tendo moja uliloliona. Hapa ndipo pongezi nyingi huharibika, kwa hiyo usiende haraka. Watu huanza na "unastahili", "wewe ni mchapakazi", "kichwa". Maneno hayo hayana kosa, ila yanamfaa kila mtu, na mwenye kuyapokea anajua hivyo. Tafuta kitenzi kwanza: alifanya nini, lini, na kikazuia au kikaleta nini?

Katika mfano wetu: msimu wa Julai, kila jioni alipitia kontrol namba za malipo ya Ngorongoro, gari moja moja, akilinganisha tarehe ya kuingia na ratiba ya wageni. Siku moja akakuta gari limelipiwa Alhamisi ilhali wageni wanaingia Jumatano. Akarekebisha usiku uleule, na asubuhi gari likapita lango la Lodoare bila kukwama. Hilo ndilo la kusema.

Kabla ya kulitumia, angalia mambo matatu. Hakikisha aliyefanya ni yeye kweli. Kama ulisikia tu, muulize dereva aliyekuwa na gari lile. Kumsifia kwa kazi ya mwingine kunamwaibisha, hasa huyo mwingine akiwa amekaa jirani. Pili, usimtaje aliyekosea tarehe wala usimdokeze, maana kuanzia sasa dada huyo ndiye atakayemsimamia. Tatu, tendo liwe la kazi. "Hukuwahi kuninyima msaada" ni shukrani nzuri, lakini inamwonyesha kwamba unachokipima ni ulichofaidi wewe.

Usipopata tendo hata moja, pengine hamkufanya kazi kwa karibu. Basi sema "Hongera kwa cheo kipya, nakutakia kazi njema" na uishie hapo. Sentensi fupi ya kweli inatosha kabisa. Usiinyooshe kwa sifa za kubuni.

Hatua ya 3: Andika, kisha punguza. Mfano:

"Dada, hongera, nimeona barua. Ile kontrol namba ya Alhamisi uliyoikamata Julai bado naikumbuka, wageni walipita Lodoare bila hata kujua. Tangu hapo naangalia tarehe kabla ya jina la mgeni. Kazi njema."

Sentensi ya tatu ina uzito kuliko zote, kwa sababu inaonyesha kazi yake imebadilisha namna unavyofanya yako. Kama haikubadilisha kitu, iondoe.

Sasa kagua kama haya yameingia. "Sasa ofisi itapumua" inamtukana aliyemtangulia. "Nilijua tu" inakugeuza wewe kuwa habari. "Usitusahau huko juu" na "soda lini?" ni maombi yaliyovaa nguo za pongezi, soda iombwe siku nyingine. "Mungu amekuinua" ni baraka nzuri kwa anayeipokea hivyo, ila isikae peke yake mahali pa kazi aliyoifanya.

Hatua ya 4: Mwambie ana kwa ana. Nenda mezani kwake akiwa peke yake, dakika mbili. Akiwa amekuzidi umri, shikamoo hutangulia kama siku zote. Cheo hakibadilishi hilo, wala wewe mkubwa usianze kumwamkia mdogo wako kwa sababu ya barua. Akiwa yuko safarini, mtumie ujumbe kwake binafsi. Kundi la WhatsApp la ofisi liachie "Hongera dada" tu. Ukimwaga maelezo pale mbele ya mkurugenzi, hata yakiwa kweli, wenzako watasoma uchawa, na dada mwenyewe atashindwa kujua ulikuwa unaongea na nani.

Kama nawe uliomba nafasi hiyo, usijifanye hukuiomba. "Niliitaka nafasi hii, na tendo lile la Julai nililiona kwa macho yangu. Hongera" linasemeka, mradi lisemwe moyo ukiwa umetulia. Siku mbili za kusubiri hazimkosei mtu.

Hatua ya 5: Akijibu "asante", nyamaza. Usiongeze sifa nyingine, na ombi lolote la ruhusa au zamu lisubiri wiki inayofuata.