Shingo imevimba? Usikimbilie vidonge vya mwani

Vidonge vya kelpu, ule mwani wa kahawia wa bahari za baridi, vinaweza kuzidisha uvimbe wa shingo. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu za madini joto kwa siku. Gramu moja ya kombu kavu, kelpu ya supu za Kijapani, yaweza kuwa na zaidi ya 2,000. Tezi ya shingo, inayotumia madini hayo kutengeneza homoni, ikifurikiwa hivyo husitisha kazi hiyo. Kwa wengi huanza tena baada ya siku chache. Isipoanza, TSH, homoni inayoiamuru tezi ifanye kazi, hupanda kuisukuma, nayo huvimba, sawa kabisa na ya aliyekosa madini hayo. Ukipima TSH, mtajie daktari vidonge hivyo. Mara nyingi kuviacha wiki kadhaa hutosha kuirudisha tezi kazini.