Tiki ya YouTube: iguse kwanza, kisha soma

Juzi hapa Ngamiani, Tanga, shangazi yangu alitoa maoni chini ya video ya mapishi. Baada ya dakika chache akajibiwa na "mwenye chaneli": umeshinda blenda, tuma nauli ya mzigo kwa namba hii ya WhatsApp. Picha ileile, jina lilelile, na tiki juu.

Nikamwambia, shangazi, hebu iguse hiyo picha. Tiki ilikuwa imechorwa ndani ya picha yenyewe! Tiki halisi huwekwa na YouTube pembeni ya jina, na ukiwa kwenye kompyuta, ukiisogezea mshale inaandika "Verified". Tena mwenye chaneli akijibu chini ya video yake, jina lake huwa limezungushiwa rangi. La yule bwana lilikuwa tupu kama la mtu mwingine yeyote.

Kisha tukaingia kwenye akaunti yake. Jina la chaneli mtu yeyote anaweza kuliiga, ila lile linaloanza na @ halifanani kwa wawili. La huyu lilikuwa na herufi moja imerudiwa. Kwenye maelezo, "Joined" ilionyesha wiki ileile, na video hana hata moja.

Kukosa tiki peke yake si kosa, maana chaneli huiomba ikishafika wafuatiliaji 100,000, na ikibadili jina huipoteza. Na tiki inasema huyu ni nani tu, haisemi kwamba anayoyauza ni mazuri.

Shangazi kamripoti, blenda kasamehe.