Kuandika ujumbe wa likizo ya uzazi: tarehe zisipingane, makabidhiano yaeleweke

Mwongozo huu ni wa walioajiriwa sekta binafsi, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Mfano wetu ni karani wa stoo kwenye ghala la asali mjini Tabora, anayetarajia kujifungua tarehe 20 Machi 2026.

1. Pata cheti cha daktari

Sheria inataka mwajiri apewe taarifa walau miezi mitatu kabla ya tarehe ya makadirio, ikiwa na cheti cha daktari. Karani wetu basi awe ameshatuma kufikia 20 Desemba 2025. Usipige picha kadi ya kliniki ukaituma kazini. Kadi ile ina majibu ya vipimo vyako, na ofisi haina haja nayo. Omba barua fupi inayotaja tarehe ya makadirio tu.

2. Piga hesabu ya tarehe

Hapa ndipo ujumbe mwingi unapoharibika, kwa sababu watu huandika "naomba likizo ya miezi mitatu". Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 ukijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa mpigo. Ukianza Jumatatu 2 Machi na kuhesabu miezi mitatu, utajiona unarudi 2 Juni. Ukihesabu siku 84, Jumamosi, Jumapili na sikukuu zikiwemo, siku ya mwisho ni Jumapili 24 Mei na kazini unarudi Jumatatu 25 Mei. Wewe uko nyumbani unanyonyesha bila wasiwasi, kumbe kwenye daftari la mahudhurio umeshaanza kuandikwa mtoro.

Kosa la pili ni la siku moja. Siku ya kuanza nayo inahesabiwa, kwa hiyo unajumlisha 83 kupata siku ya mwisho, na 84 kupata siku ya kurudi. Kwenye Excel, weka tarehe ya kuanza kwenye A1, kisha:

```
=A1+83
=A1+84
```

Kwa pacha weka 99 na 100: siku ya mwisho inakuwa 9 Juni, kurudi 10 Juni.

Likizo inaweza kuanza wakati wowote kuanzia wiki nne kabla ya makadirio, yaani 20 Februari kwa karani wetu. Ukitaka kuanza mapema zaidi, daktari athibitishe kwamba afya yako au ya mtoto inahitaji hivyo. Mimi hupendelea likizo ianze Jumatatu: siku 84 ni wiki 12 kamili, hivyo unarudi Jumatatu na hesabu haisumbui mtu. Mwezi uandike kwa jina. 02/03/2026 mmoja ataisoma Machi, mwingine Februari.

3. Panga makabidhiano kabla ya kuandika

Mtaje mtu mmoja, na kwanza akubali. "Wenzangu wa stoo watashughulikia" maana yake hakuna atakayeshughulikia. Makabidhiano yafanyike wiki mbili kabla ya likizo, maana mtoto anaweza kuwahi. Nywila usiziandike kwenye ujumbe. Taja tu kitakachokabidhiwa.

4. Andika

Tuma kwa barua pepe, nakala kwa msimamizi wako. WhatsApp itumie kumjulisha tu kwamba umetuma.

> YAH: LIKIZO YA UZAZI, 2 MACHI HADI 24 MEI 2026
>
> Ndugu Meneja Rasilimali Watu,
>
> Naomba likizo ya uzazi ya siku 84, kuanzia Jumatatu 2 Machi hadi Jumapili 24 Mei 2026. Nitaripoti kazini Jumatatu 25 Mei. Tarehe ya makadirio ni 20 Machi 2026. Cheti cha daktari nimeambatisha.
>
> Iwapo nitajifungua kabla ya 2 Machi, naomba likizo ianze siku hiyo. Nitatuma tarehe mpya kwa maandishi.
>
> Karani msaidizi wa stoo amekubali kukaimu. Tarehe 16 Februari nitamkabidhi funguo za stoo, daftari la mapokezi ya asali na orodha ya wafugaji nyuki wanaotudai, na sote tutasaini.
>
> Wako mtiifu,

Sababu za kiafya, kichefuchefu na miguu kuvimba havina nafasi humu.

5. Kwa baba

Sheria inampa baba walau siku tatu zenye malipo, zichukuliwe ndani ya siku saba tangu mtoto kuzaliwa. Tarehe kamili basi haiwezi kujulikana mapema. Tuma ujumbe wa kwanza mwezi mmoja kabla, ukitaja makadirio na atakayeshika kazi yako. Wa pili utume siku mtoto anapozaliwa:

> Mtoto wangu amezaliwa leo, Jumanne 14 Aprili 2026, Hospitali ya Maweni, Kigoma. Naomba likizo ya siku tatu, Jumatano 15 hadi Ijumaa 17 Aprili. Nitaripoti kazini Jumatatu 20 Aprili. Makabidhiano ni kama nilivyoandika awali.

Ukisubiri mama aruhusiwe hospitali ndipo uandike, siku saba zinaweza kukupita.